Caps Lock Isiyo na Taa na Mlio wa Kumwonya Mwandishi

Caps Lock ni kitufe cha kibodi kinachofanya herufi zote zinazofuata ziwe kubwa mpaka kitakapobonyezwa tena. Kwenye kibodi nyingi kiko ukingo wa kushoto, chini ya Tab na juu ya Shift. Shift hufanya kazi muda ule tu kidole kinapoikandamiza, na kikiinuka mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Caps Lock hubonyezwa mara moja, ikaachwa, na athari yake ikabaki. Kitufe chenyewe hurudi juu kama vingine vyote, hivyo anayekitazama au kukigusa hawezi kujua kama kimewashwa au kimezimwa. Jambo pekee linaloweza kumwambia ni taa ndogo iliyowekwa juu ya kitufe au pembeni mwa kibodi, na kuna kibodi nyingi zisizokuwa nayo.

Mashine za zamani za kupigia chapa hazikuwa na tatizo hili. Mashine ya Remington Nambari 2, iliyotoka Marekani mwaka 1878, ndiyo iliyoeneza kitufe cha kuhamisha herufi: kila nyundo ilibeba herufi mbili, ndogo na kubwa, na kitufe kilisogeza sehemu ya mashine ili ile kubwa ndiyo iguse karatasi. Kufuli ya kitufe hicho ilikuwa ya chuma. Mpiga chapa aliyeifunga aliona kitufe kimezama, na kidole chake kilihisi hivyo hata macho yakiwa kwenye karatasi anayonakili. Kufuli hiyo pia haikubagua: tarakimu na alama nazo zilihama pamoja na herufi. Kompyuta ilipokuja, mtindo ulibadilika, kwa sababu mwandishi wa programu au wa jedwali alihitaji herufi kubwa bila kupoteza tarakimu. Kwa hiyo Caps Lock ikaachiwa herufi peke yake, nayo kwenye kibodi nyingi haikufungwa tena kwa chuma.

Kompyuta ya kwanza ya aina ya PC kutoka IBM, ya mwaka 1981, iliuzwa na kibodi isiyo na taa hata moja. Kompyuta ilijua kama Caps Lock imewashwa, lakini mtumiaji hakuwa na pa kutazama isipokuwa herufi zilizokwisha kutokea kwenye skrini. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1984, modeli ya PC AT ilikuja na kibodi yenye taa tatu kwenye kona ya juu kulia: ya Caps Lock, ya Num Lock na ya Scroll Lock. Taa hizo tatu zikawa desturi ya kibodi za mezani kwa miongo iliyofuata, na watumiaji wengi wakaamini kwamba taa ndiyo Caps Lock yenyewe. Sivyo, na ni vizuri jambo hili lieleweke mapema, maana ndilo linaloeleza kwa nini taa inaweza kukosekana na kwa nini mlio unaweza kushika nafasi yake.

Mtu anapobonyeza Caps Lock, kibodi haiwashi chochote. Inatuma tu taarifa kwa kompyuta kwamba kitufe fulani kimebonyezwa, kama inavyofanya kwa herufi yoyote. Kompyuta, kwa maana ya mfumo endeshi, ndiyo inayoweka kumbukumbu kwamba hali imegeuka, na ndiyo inayoamua herufi itakayotokea iwe kubwa au ndogo. Baada ya hapo kompyuta hurudisha ujumbe kwa kibodi: washa taa, au zima. Taa kwa hiyo ni ripoti inayotoka kwenye kompyuta. Jambo hili linaweza kuthibitishwa kwa kuunganisha kibodi mbili zenye taa kwenye kompyuta moja ya Windows. Caps Lock ikibonyezwa kwenye kibodi ya kwanza, taa ya kibodi ya pili huwaka vilevile, ingawa hakuna aliyeigusa.

Hata pasipo taa yoyote, kumbukumbu hiyo inaweza kuulizwa. Kwenye Windows, dirisha la PowerShell hujibu `True` ikiwa Caps Lock imewashwa na `False` ikiwa imezimwa, kwa amri hii:

```
[console]::CapsLock
```

Hakuna atakayefungua PowerShell kila anapoandika barua, bila shaka. Faida ya amri hiyo ni kwa fundi anayetaka kujua kama kibodi imeharibika au ni taa tu iliyokufa. Jibu likigeuka kutoka `False` kwenda `True` kila kitufe kinapobonyezwa, kitufe ni kizima.

Sababu ya taa kuondolewa kwenye kibodi zisizo na waya ni betri. Betri ya kawaida ya saizi AA, aina ya alkali, huwa na uwezo wa kama miliampea-saa 2,500. Taa ndogo inayotumia miliampea 2 mfululizo ingeimaliza kwa saa 1,250, yaani siku zipatazo 52, hata kama hakuna herufi moja iliyoandikwa. Caps Lock kwa kweli huzimwa muda mwingi, lakini Num Lock kwa watu wengi huwashwa asubuhi hadi jioni, na mtengenezaji anayeweka taa moja atatarajiwa kuweka na nyingine. Tena kibodi ya namna hiyo huishi kwa kulala: inazima redio yake mara tu vidole vinapotulia, na huamka kinapoguswa kitufe. Ndiyo maana betri moja au mbili zinaweza kuitosha kwa mwaka na zaidi. Watengenezaji walipopima taa dhidi ya betri, wengi walichagua betri.

Kwenye kompyuta mpakato sababu mara nyingi ni umbo na gharama. Baadhi hazina taa, na badala yake mtengenezaji huweka programu ndogo inayoonyesha picha ya kufuli kwenye kona ya skrini kila Caps Lock inapobadilika. Programu hiyo haimo ndani ya Windows. Huja na mashine kutoka kiwandani. Hapa ndipo wanunuzi wa kompyuta zilizotumika, ambazo ni nyingi katika maduka ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, hupoteza onyo lao bila kujua. Muuzaji husafisha diski na kuweka Windows mpya, mashine inafanya kazi vizuri, lakini ile programu ya mtengenezaji haijarudishwa. Mnunuzi hubaki na kibodi isiyo na taa na skrini isiyosema kitu.

Kosa lenyewe hutokea kwa sababu ya mahali kitufe kilipo. Kwenye mpangilio wa QWERTY, Caps Lock imegusana na herufi A upande wa kushoto, na vyote viwili ni eneo la kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Mwandishi wa Kiswahili yuko katika hatari zaidi hapa, kwa kuwa A ndiyo herufi inayojitokeza mara nyingi kupita zote katika lugha hii. Sentensi fupi ya tangazo inatosha kuonyesha hivyo: “Mkutano wa wanakijiji utafanyika Jumamosi asubuhi.” Ina herufi 44, na kati ya hizo 9 ni A, yaani moja katika kila tano. Kila mara kidole kidogo kinapoteleza kidogo kushoto, kinaangukia Caps Lock.

Tuseme karani ananakili tangazo hilo kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono, macho yake yakiwa kwenye karatasi. Anapofika neno “utafanyika”, kidole kinagusa Caps Lock na A kwa pamoja. Kinachotokea kwenye skrini ni hiki:

```
Mkutano wa wanakijiji utAFANYIKA jUMAMOSI ASUBUHI.
```

Alama ya wazi kuliko zote ni ile herufi ndogo mwanzoni mwa “jUMAMOSI”. Karani amebonyeza Shift pamoja na J, kama inavyotakiwa kwa jina la siku, lakini Caps Lock ikiwa imewashwa Shift hufanya kinyume: hutoa herufi ndogo. Herufi ndogo iliyosimama mbele ya neno la herufi kubwa haina maelezo mengine ya kawaida. Alama ya pili ni herufi inayokosekana. Kidole kikiangukia Caps Lock peke yake badala ya A, neno huwa “utFANYIKA”, na anayelisahihisha hana budi kurudisha A iliyopotea pamoja na kupunguza herufi.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili lakini chanzo chake ni tofauti, nalo ni Shift iliyokwama, ama kwa uchafu chini ya kitufe, ama kwa sababu Sticky Keys imewashwa bila kukusudia. Tofauti huonekana kwenye tarakimu na alama. Kwenye QWERTY Caps Lock haigusi tarakimu: “saa 4” inakuwa “SAA 4”. Shift iliyokwama, kwa mpangilio wa Kimarekani, inageuza 4 kuwa alama ya dola. Kiswahili kina kipimo chake cha papo hapo, nacho ni ng’ ya “ng’ombe” na “ng’ambo”. Neno likitokea NG’OMBE, kibanzi kikiwa salama, Caps Lock ndiyo imewashwa. Kibanzi kikigeuka alama ya kunukuu yenye mikia miwili, ni Shift.

Wanaoandika Kiswahili mashariki mwa Kongo au Burundi kwa kibodi za mpangilio wa Kifaransa, AZERTY, wana hali tofauti. Kwao A imepanda safu ya juu, na jirani wa Caps Lock ni Q, herufi ambayo Kiswahili sanifu hakiitumii kabisa, hivyo kidole kidogo hakiji mara kwa mara karibu na hatari. Lakini kipimo cha tarakimu hakiwafai, kwa sababu kwenye Windows mpangilio wa Kifaransa unaifanya Caps Lock iguse pia safu ya tarakimu: bila hiyo, safu hutoa alama na herufi zenye vilemba, na ikiwashwa hutoa tarakimu. Wapo wanaoiwasha kwa makusudi ili kuandika namba ndefu, halafu husahau kuizima.

Mlio wa kuonya juu ya vitufe vya namna hii umekuwepo kwa muda mrefu, na haukubuniwa kwa ajili ya wanaokosa taa kwenye kibodi. Ulitokana na kazi ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia kompyuta, hasa wasioona, ambao taa haiwafai hata ikiwepo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa katika Kituo cha Trace, wakati huo kikiwa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, chini ya Gregg Vanderheiden. Nyenzo zao ziliongezwa kwanza kwenye DOS na matoleo ya awali ya Windows kama programu za pembeni, kisha zikaingizwa ndani ya Windows 95 na zimebaki humo hadi leo. Hiyo ya milio inaitwa Toggle Keys. Kwa hiyo mtu anayetumia kibodi ya bei nafuu isiyo na taa anafaidika na kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya wasioona, na hana cha kununua wala cha kupakua.

Kwenye Windows 10 na 11, njia fupi ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na U. Ukurasa wa mipangilio ya ufikivu unafunguka, kisha huchaguliwa `Keyboard`, na ndani yake kuna swichi ya `Toggle keys`. Njia ya pili ni kushikilia Num Lock kwa sekunde 5 mfululizo. Kompyuta hulia na kuuliza kama mtumiaji anataka kuwasha huduma hiyo. Njia hii huwashinda wenye kompyuta mpakato zisizo na Num Lock, nao hawana budi kupitia mipangilio. Kwenye Linux yenye mazingira ya GNOME, huduma ya aina hiyohiyo iko sehemu ya ufikivu kwa jina `Sound Keys`.

Ikishawashwa kwenye Windows, kila Caps Lock inapobonyezwa kompyuta hutoa mlio mfupi. Mlio wa juu, mwembamba, maana yake imewashwa. Mlio wa chini, mzito, maana yake imezimwa. Num Lock na Scroll Lock nazo hulia vivyo hivyo. Katika mfano wa karani wa tangazo, mlio wa juu ungesikika pale pale kidole kilipoteleza, kabla hata neno “utafanyika” halijaisha. Angebonyeza Caps Lock tena, akasikia mlio wa chini, akafuta herufi mbili tatu, na kuendelea bila kuinua macho mapema kuliko alivyokusudia. Katika hili mlio unaishinda hata taa. Taa humwambia anayeitazama, na anayenakili hatazami kibodi. Watu wengi wenye kibodi yenye taa nzima huandika mistari mitatu ya herufi kubwa kabla ya kugundua, kwa sababu taa iko chini ya mikono yao na macho yako kwingine.

Hata hivyo mlio una upungufu wake, na mkubwa kuliko wote ni kwamba unatangaza badiliko, hautangazi hali. Ukipita bila kusikika, haujirudii. Mtu aliyeondoka mezani akamwacha mwenzake atumie kompyuta, akirudi hana mlio wa kumwambia Caps Lock imeachwaje. Anaweza kuibonyeza mara mbili na kusikiliza: mlio wa mwisho ukiwa wa chini, imezimwa, ukiwa wa juu, aibonyeze mara moja zaidi. Ni njia rahisi na haina madhara, lakini inamtaka mtu akumbuke kuuliza.

Upungufu mwingine ni wa sauti yenyewe. Zamani mlio ulitoka kwenye kispika kidogo kilichofungwa ndani ya sanduku la kompyuta, na kilikuwa hakina uhusiano na spika za muziki. Tangu Windows 7 mlio wa aina hii hupitia kifaa kilekile cha sauti kinachotumika kwa kila kitu. Aliyezima sauti ofisini ili asisumbue wengine amezima na onyo. Aliyeunganisha vipokea sauti vya masikioni kisha akaviweka mezani, mlio unalia mezani. Kompyuta ya mezani isiyo na spika kabisa, kama zilivyo nyingi kwenye maabara za shule, haitalia hata swichi ikiwashwa. Na ofisi yenye kompyuta kumi zote zikilia huleta swali la mlio ni wa nani, ingawa kwa hili kipokea sauti cha sikio moja kinatosha kuondoa utata.

Kuunganishwa na kompyuta ya mbali nako huleta mkanganyiko. Mtu anapotumia kompyuta ya ofisini akiwa nyumbani kupitia mtandao, kuna kumbukumbu mbili za Caps Lock, moja kwa kila kompyuta, na wakati mwingine hupishana. Mlio wa kompyuta ya nyumbani unaweza kusema imezimwa huku herufi zinatokea kubwa kule. Dawa ni kubofya nje ya dirisha la kompyuta ya mbali, kuhakikisha hali ya nyumbani, kurudi ndani na kujaribu herufi moja.

Mahali ambapo upungufu wa taa na wa mlio huumiza zaidi ni kwenye neno la siri, kwa sababu hapo skrini nayo imenyamaza. Badala ya herufi huonekana vitone. Neno la siri `Mwembe27` likiandikwa Caps Lock ikiwa imewashwa hutoka `mWEMBE27`, na kwa mfumo hilo ni neno jingine kabisa. Ukurasa wa kuingilia Windows huandika onyo chini ya kisanduku kwamba Caps Lock imewashwa, na kompyuta za Mac huonyesha alama ya mshale ndani ya kisanduku. Tovuti na programu nyingine nyingi hazifanyi hivyo. Mtumiaji hurudia neno lilelile mara tatu au nne akiamini amekosea herufi, na mifumo mingi hufunga akaunti baada ya majaribio kadhaa. Anayehisi hivyo aandike herufi mbili kwenye kisanduku cha jina, ambacho hakifichi kitu, aone zinatokaje, kisha azifute. Palipo na alama ya jicho pembeni mwa kisanduku, ibofywe neno lionekane.

Hali mbaya zaidi ni neno la siri kuundwa wakati Caps Lock imewashwa. Mifumo hutaka neno jipya liandikwe mara mbili ili kuzuia makosa, lakini hapa kinga hiyo haifanyi kazi: mara zote mbili neno hutoka `mWEMBE27`, yanalingana, na mfumo unalikubali. Kesho yake mwenyewe anaandika `Mwembe27` kwa usahihi na anakataliwa. Kwa yeyote ambaye neno lake jipya limekataliwa siku ya kwanza ya kulitumia, jaribio moja Caps Lock ikiwa imewashwa linapaswa kuja kabla ya kumpigia simu mtu wa tehama.

Kwa maandishi ya kawaida, kuna kinga inayopunguza ukubwa wa kosa hata mlio usiposikika. Windows inaruhusu Shift ndiyo izime Caps Lock, kama ilivyokuwa kwenye mashine nyingi za kupigia chapa. Mpangilio huu umefichwa: kwenye `Advanced keyboard settings` hufunguliwa `Input language hot keys`, na juu ya dirisha linalotokea, chini ya maneno `To turn off Caps Lock`, huchaguliwa `Press the SHIFT key`. Baada ya hapo, kosa la karani lingekoma lenyewe mara alipobonyeza Shift kwa ajili ya J:

```
Mkutano wa wanakijiji utAFANYIKA Jumamosi asubuhi.
```

Neno moja lingeharibika badala ya matatu, na kwa jumla kosa haliwezi kuvuka herufi kubwa inayofuata. Microsoft Word ina kinga ya namna yake: ikiona neno kama “jUMAMOSI” likifuatiwa na nafasi, hulibadilisha kuwa “Jumamosi” na kuizima Caps Lock. Haitambui “utAFANYIKA”, kwa kuwa kosa halikuanzia mwanzo wa neno.

Maandishi yaliyokwisha kuharibika hayahitaji kuandikwa upya, na hapa watu wengi hutumia njia isiyo bora. Wanachagua aya nzima na kubonyeza Shift na F3, ambayo kwenye Word hupokezana kati ya herufi ndogo tupu, herufi kubwa tupu, na herufi kubwa ya mwanzo. Aya inarudi kuwa ndogo, lakini majina ya watu, miji na vifupisho kama TANESCO navyo vinakuwa vidogo, na kila kimoja lazima kitafutwe. Caps Lock haikuharibu kwa namna hiyo. Iligeuza kila herufi kuwa kinyume chake, pamoja na zile zilizoandikwa kwa Shift. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kugeuza kinyume tena. Kwenye kitufe cha `Aa` cha Word kuna chaguo linaloitwa `tOGGLE cASE`, na LibreOffice Writer inalo kwenye menyu ya `Format`, ndani ya `Text`. Panapochaguliwa sehemu iliyoharibika tu, kuanzia herufi ya kwanza yenye kosa, “AFANYIKA jUMAMOSI ASUBUHI” inarudi “afanyika Jumamosi asubuhi”, J ikiwa mahali pake. Mpaka wa uchaguzi uwe sahihi, kwani kila herufi nzima iliyoingizwa ndani yake itaharibiwa.

Kwa wasioona, programu ya kusoma skrini ya NVDA, inayotolewa bure, husema kwa sauti Caps Lock inapowashwa na inapozimwa. Inaongeza pia onyo linaloziba lile pengo la mlio usiojirudia. Mtu akiandika kwa Shift huku Caps Lock imewashwa, na herufi ikatoka ndogo, NVDA inalia. Onyo hili halitegemei mtu alisikia nini mwanzoni. Linamkamata kwenye herufi kubwa ya kwanza anayoikusudia, iwe mwanzo wa sentensi au jina. Programu hiyohiyo inaruhusu Caps Lock itumike kama kitufe chake cha amri, na hapo kubonyeza mara moja hakuwashi herufi kubwa. Mpaka kibonyezwe mara mbili haraka.

Wapo wanaoamua kukiondoa kitufe kabisa. Kwenye Mac, mipangilio ya kibodi ina sehemu ya `Modifier Keys` inayoruhusu Caps Lock isifanye chochote. Kwenye Linux yenye mfumo wa X11 amri moja inatosha, na haidumu baada ya kikao cha X11 kuisha:

```
setxkbmap -option caps:none
```

Uamuzi huo unamfaa anayeandika kwa mikono miwili na asiyehitaji herufi kubwa mfululizo. Haumfai anayejaza fomu zinazotaka herufi kubwa, wala anayeandika kwa mkono mmoja, ambaye kushikilia Shift huku akitafuta herufi ya mbali ni taabu. Chromebook nyingi zimechukua njia ya katikati. Mahali pa Caps Lock pamewekwa kitufe cha kutafutia, na anayehitaji herufi kubwa hubonyeza kitufe hicho pamoja na Alt; skrini humwonyesha kwamba zimewashwa, na kidole kidogo kikiteleza kutoka kwenye A hakiziwashi.